Kiberenge kwenye reli: dawa za PARP kwa madaktari wapya wa wodi yetu

Wiki iliyopita mmoja wenu alinisimamisha koridoni akaniuliza jambo ambalo wengi huona aibu kuliuliza. Mama ana saratani ya ovari, na amezaliwa na kasoro kwenye jeni ya BRCA1. Kasoro hiyo iko katika kila seli yake, kuanzia ngozi hadi ini. Sasa tukimpa dawa inayoua seli zenye kasoro ya BRCA, mbona yeye mwenyewe hafi?

Mdogo wangu, hilo ndilo swali lenyewe. Ukilijibu sawasawa, utajua kwa nini dawa inafanya kazi, kwa nini inakausha damu, na kwa nini siku moja inaacha kufanya kazi.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya BRCA1, moja ya baba na moja ya mama. Huyu mama alirithi moja mbovu na moja nzima. Nakala moja nzima inatosha kuendesha kazi, kwa hiyo ngozi yake na ini lake vinakarabati DNA kama kawaida. Saratani ilianza pale seli moja ilipoipoteza na ile nakala nzima. Seli za uvimbe hazina BRCA1 inayofanya kazi hata kidogo. Seli nyingine zote za mwili bado zinayo. Dawa inapita kwenye pengo hilo. Ukiandika kwenye faili "mgonjwa ana BRCA" na kuishia hapo, umechanganya vitu viwili: alichorithi mgonjwa na kilichopotea ndani ya uvimbe.

Sasa wazo lenyewe. Wataalamu wa jenetiki waliokuwa wakizalisha nzi wa matunda waliona tangu 1922 kwamba kuna jozi za kasoro za ajabu. Nzi mwenye kasoro ya kwanza peke yake anaishi. Mwenye ya pili peke yake anaishi. Mwenye zote mbili anakufa. Mwaka 1946 Dobzhansky akalipa jambo hilo jina, na mimi kwa Kiswahili huliita mauti ya pamoja. Lilikaa vitabuni miaka mingi, hadi 2005, makundi mawili ya watafiti, moja la London na jingine la Sheffield, yalipoonyesha kwamba seli zisizo na BRCA hufa kwa dozi ya kizuizi cha PARP, yaani dawa inayozuia protini nyingine ya kukarabati DNA, ambayo seli nzima hazishtuki nayo.

Mimi nilifundishwa kwa mfano wa reli na barabara. Mvua ikikata reli kati ya Tabora na Kigoma, mizigo inakuja kwa malori. Barabara ikiharibika, treni inaleta. Vikikatika vyote viwili, mji unalala njaa. BRCA ni njia moja, PARP ni nyingine; uvimbe umeshapoteza ya kwanza, dawa inafunga ya pili. Mfano ni mtamu na unakaa kichwani, ila una upungufu, na upungufu wake ulinifanya nisielewe sumu ya dawa kwa muda mrefu.

Kinachotokea hasa kinafanana zaidi na kiberenge. Kila siku DNA ya seli moja hupata mikwaruzo maelfu, mingi yake ikiwa ni mkatiko wa uzi mmoja tu kati ya nyuzi mbili. PARP1 ni kama genge la mafundi wanaozunguka na kiberenge. Wakiona taruma limelegea wanasimama hapo hapo, wanaita wenzao kwa kujenga minyororo mirefu ya kemikali juu yao wenyewe, kisha minyororo hiyo ndiyo inayowasukuma waondoke ili wengine wafanye kazi. Kizuizi cha PARP hukaa mahali ambapo malighafi ya minyororo hiyo, NAD+, ingekaa. Genge linafika, linashika reli, halina uwezo wa kuita wala wa kuondoka. Kiberenge kimekwama juu ya njia.

Njia ikiwa tupu, kiberenge kilichokwama hakina madhara makubwa. Shida ni treni inapokuja, yaani seli inaponakili DNA yake ili igawanyike. Treni inagonga kiberenge, na mkatiko wa uzi mmoja unageuka mkatiko wa nyuzi zote mbili. Hapo inatakiwa kreni, na kreni ni BRCA. BRCA2, mwenzake BRCA1 katika kazi hii, hupanga protini iitwayo RAD51 kwenye ncha iliyokatika, kisha ncha hiyo inakwenda kunakili sehemu iliyopotea kutoka kwenye nakala pacha iliyo jirani. Kazi safi, herufi kwa herufi. Seli yenye kreni inainua mabaki na safari inaendelea. Seli ya uvimbe haina kreni. Inaunganisha ncha yoyote na ncha yoyote, kromosomu zinachanganyikana, na baada ya migawanyiko kadhaa inakufa.

Katika mfano huu dawa imefanya zaidi ya kufunga barabara: imeweka kizuizi juu ya reli. Ndiyo maana tishu yoyote yenye treni nyingi kwa siku itaumia kiasi hata kama kreni yake ni nzima. Na hakuna stesheni yenye treni nyingi kama uboho.

Nije kwenye kosa langu. Mama mmoja wa miaka 49 (mambo madogo nimeyabadilisha) alikuwa amemaliza upasuaji na mizunguko sita ya karboplatini na paklitakseli, uvimbe ukaitikia vizuri, na mtaalamu wake akamwanzishia olaparibu, kizuizi cha PARP cha vidonge, miligramu 300 asubuhi na 300 jioni, kwa mpango wa miaka miwili. Huo ndio mpango uliotumika kwenye jaribio la SOLO1, lililotoka 2018: baada ya miaka mitatu, wanawake 60 katika 100 waliotumia dawa walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya 27 kwa waliopewa kidonge kitupu. Sisi tulibaki na kazi moja: FBP kila mwezi kwa mwaka wa kwanza.

Alianza na hemoglobini ya 11.2. Mwezi wa kwanza 10.4, jambo la kawaida. Katikati ya mwezi wa pili akaja na utando mweupe mdomoni na maumivu ya kumeza. Niliyeandika flukonazoli miligramu 200 kwa siku, siku 14, ni mimi. Sikuangalia ukurasa wa nyuma wa faili.

Siku chache baada ya kuimaliza akarudi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kutoka mwaloni Kibirizi hadi nyumbani napumzika mara tatu, zamani nilikuwa napanda na ndoo." Hapa kwetu anayesema amechoka na ana kichefuchefu, mkono unakwenda wenyewe kwenye kipimo cha malaria. Kilikuwa hasi. Daktari wa zamu alikuwa ameshaandika vidonge vya madini ya chuma. FBP ikarudi: hemoglobini 7.6, chembe sahani zimeshuka kidogo, na MCV 106, wakati mwanzo ilikuwa 91.

Hiyo MCV isomeni vizuri. Upungufu wa chuma hufanya chembe nyekundu kuwa ndogo. Hizi zilikuwa kubwa, kwa sababu uboho ulikuwa unahangaika kunakili DNA. Vidonge vya chuma visingebadili kitu.

Na kwa nini ghafla hivyo? Olaparibu huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4, na flukonazoli hukizuia kwa kiasi cha kati. Dozi ilikuwa ile ile mdomoni, lakini kwenye damu ilikuwa imepanda. Ningelazimika kutumia flukonazoli, olaparibu ilitakiwa ishushwe hadi miligramu 150 mara mbili kwa siku. Kwa utando wa mdomoni tu ningejaribu kwanza nistatini ya matone, ambayo karibu yote hupita tumboni bila kuingia kwenye damu.

Tulisimamisha olaparibu siku hiyo, tukamwongezea damu, tukapima FBP kila wiki. Wiki ya kwanza 8.9, ya pili 9.5, ya nne 10.1. Kama wiki nne zingepita bila damu kupanda hivyo, angehitaji mtaalamu wa damu na kipimo cha uboho, kwa sababu mara chache dawa hizi hufuatiwa na ugonjwa wa uboho unaoweza kuishia kuwa saratani ya damu. Tulimpigia mtaalamu wake, akaamua aanze tena na 250 mara mbili, yaani kidonge cha 150 na cha 100 pamoja.

Upande wa pili wa kimeng'enya hicho hicho kuna rifampisini. Yenyewe inakichochea, dawa inavunjwa upesi, na mgonjwa anameza vidonge ghali visivyofika kwenye uvimbe. Hutaona dalili yoyote. Damu yake itaonekana nzuri mno. Efavirenzi nayo hufanya hivyo kwa kiasi, dolutegraviri haina shida hiyo. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii akikutwa na TB, piga simu kabla ya kuandika.

Mnaweza pia kukuta kreatinini imepanda kidogo mwanzoni. Dawa huzuia figo kuitoa kreatinini bila kuharibu uchujaji wenyewe, hivyo msikimbilie kusimamisha kila kitu.

Limebaki la dawa kuacha kufanya kazi, nalo linarudi kwenye kreni. Jeni husomwa herufi tatu tatu. Chukua sentensi "mtu ana uji pia". Futa herufi t, usome tena tatu tatu: "mua nau jip ia". Takataka. Hivyo ndivyo kasoro nyingi za BRCA zilivyo, herufi moja imepotea na kila kinachofuata kimeharibika. Sasa seli ya saratani, kwa bahati yake, ikipoteza herufi mbili nyingine, n na a zilizo mbele kidogo, inasomeka "mua uji pia". Si sentensi ya mwanzo, lakini mwisho wake umerudi kusomeka, na protini inayotoka inaweza kufanya kazi. Kreni imerudi. Seli hiyo moja haiuawi tena na kiberenge, na ndiyo itakayozaa uvimbe mpya.

Kreni hiyo hiyo hukarabati pia uharibifu wa karboplatini. Mgonjwa ambaye uvimbe wake ulikua akiwa katikati ya karboplatini hafai kupewa ahadi kubwa juu ya olaparibu, hata karatasi ya maabara ikisema BRCA1. Karatasi inaonyesha jeni aliyorithi. Jinsi uvimbe ulivyoitikia platinamu ndiyo inayokuonyesha kama leo kreni ipo au haipo.

Yule mama alimaliza miaka yake miwili kwa dozi ya 250. Kwenye jalada la faili lake, mbele, nimebandika karatasi ya njano yenye jina la dawa na maneno "uliza kabla ya fangasi na TB". Mkikuta imebanduka, bandikeni nyingine.