Mchuzi wa nazi: asilimia ya mafuta unaihesabu kwa nazi, si kwa vikombe vya tui

Swali: "Naishi Mombasa, napika mchuzi wa samaki wa nazi mara mbili kwa wiki. Mume wangu kaambiwa apunguze mafuta shibifu. Nikitafuta, mmoja asema mchuzi huu una asilimia 6, mwingine 36, mwingine 65. Nimwamini nani?"

Dadangu, huenda wote watatu wako sawa, ila kila mmoja kagawanya kwa kitu chake. Mimi nilianza kuhesabu mamangu alipopatikana na kolesteroli ya juu, na mara ya kwanza niliharibu hesabu kabisa, kwa hiyo naanzia hapo nilipokosea.

Nilikuna nazi 1, nikakamua tui zito, nikatia maji ya uvuguvugu nikakamua tui jepesi, yote pamoja ikawa lita 1. Nikachukua takwimu za tui la kopo, gramu 21 za mafuta kwa kila gramu 100, nikazidisha. Nikapata zaidi ya gramu 200. Jambo hilo haliwezekani, kwa sababu nazi yenyewe iliyokunwa ilikuwa gramu 250 tu, na nyama ya nazi ina mafuta kama gramu 33.5 kwa kila 100. Yaani nazi nzima haikuwa na zaidi ya gramu 84. Yaliyozidi ni maji niliyoyahesabu kama mafuta.

Tangu siku hiyo napima nazi ikishatoka kwenye mbuzi, kabla ya kukamua. Tui ukilitia maji kikombe kimoja au vinne, mafuta ni yaleyale. Hesabu hii inakupa kiwango cha juu kabisa, maana machicha hubaki na mafuta kidogo: yafinye baada ya tui la pili uone vidole vinavyong'aa. Kwa mgonjwa mimi naona ni afadhali kuhesabu juu kuliko chini. Ukitumia la kopo, soma kopo lenyewe, kwa kuwa yanatofautiana sana.

Sasa sufuria yangu ya watu 5. Nazi gramu 250: mafuta 84, na katika hayo shibifu ni 74. Mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula: gramu 28, shibifu 3 hivi. Changu, nyama yake gramu 800: mafuta 10, shibifu 2, kwani changu si samaki wa mafuta. Vitunguu, nyanya na ndimu havina cha kuhesabu upande huu. Jumla ni gramu 122 za mafuta, na shibifu 79.

Ukigawa 79 kwa 122 unapata asilimia 65: hiyo ni sehemu ya mafuta yaliyo shibifu. Nazi ndiyo inayoipandisha, kwa sababu karibu asilimia 89 ya mafuta yake ni shibifu.

Ile 6 ni mafuta yote, 122, kugawa kwa uzito wa mchuzi, ambao kwangu ulikuwa kama kilo 2. Hii usiitegemee. Tia maji kikombe kimoja tu, itashuka, na mumeo atakuwa amekula mafuta yaleyale.

Ile 36 ni ya kalori. Kila gramu ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo 79 mara 9 ni 711. Sufuria yote, pamoja na samaki, nyanya na sukari ya nazi, ilikuwa na kalori 1950 hivi. Gawanya 711 kwa 1950. Hii ndiyo inayolingana na lugha ya madaktari, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta shibifu yasizidi asilimia 10 ya kalori.

Lakini hiyo 10 ni ya siku nzima, si ya sahani moja. Mtu anayekula kalori 2000 kwa siku ana nafasi ya gramu 22 za shibifu. Sufuria yangu kwa watu 5 ni karibu gramu 16 kwa kila mtu, na hapo hajanywa chai ya maziwa wala kula mahamri. Kwa hiyo nakushauri uache asilimia, umhesabie mumeo gramu kwa sahani.

Kwetu nilipunguza nazi yenyewe. Nusu nazi, gramu 125, samaki na mafuta yaleyale: shibifu inakuwa 42 kwa sufuria, gramu 8 na kidogo kwa mtu. Tui zito lake nalitia mwisho, moto ukiwa mdogo, lisikatike, nao mchuzi naushikisha uzito kwa kusaga nyanya na kitunguu zaidi. Mamangu aliuliza siku ya kwanza tu mbona umepungua unazi.