Nyimbo za dini darasani: anza na kitenzi, hadithi ya mtunzi ije baadaye

Mara ya kwanza nafundisha ile mada ya namna watu wanavyoelezea imani yao, nilikosea vibaya. Nilichagua wimbo mmoja wa kanisani unaojulikana na kila mtu, nikawapigia kwenye spika, tukausikiliza mara mbili halafu nikauliza wimbo huu unatuambia nini kuhusu imani ya anayeuimba. Majibu yote yakawa yaleyale: Mungu ni mwema, Mungu anatupenda, tumtegemee Mungu. Yaani ungeweza kuyabandika kwenye wimbo wowote ule na yangekaa. Wale wa kwaya ndo walikuwa wabaya zaidi manake wanaujua kwa kichwa, mtu anayeimba kitu tangu yuko chekechea hakisomi tena.

Siku hizi muziki unakuja mwisho kabisa. Kipindi cha kwanza wanapata karatasi yenye maneno tu, bila jina la mtunzi, na kazi yao ni moja: kwa kila kitenzi waniambie nani anafanya na nani anafanyiwa. Basi. Inaonekana kama somo la sarufi na wanalalamika, waache walalamike.

Chukua ule wimbo wa neema ya ajabu wa John Newton, aliouandika mwishoni mwa 1772. Ubeti wa kwanza, nikiuweka kwa Kiswahili cha kawaida tu, msemaji anasema nilikuwa nimepotea sasa nimepatikana, nilikuwa kipofu sasa naona. Muulize mwanafunzi nani alipotea, atasema yeye. Nani alimpata? Hapo wanakaa kimya kidogo. Kitenzi hakisemi. Kupotea alipotea mwenyewe, ila kupatikana hakujifanyia, kuna mwingine amemtafuta. Mwanafunzi akishaona hilo ameshashika fundisho la neema ndani ya ubeti ule bila mimi kumwandikia maana ya neema ubaoni. Na hapo ndo unawapa Luka 15 na Yohana 9 waone maneno hayo yametoka wapi, mwana aliyepotea na yule kipofu aliyeponywa, ila usianze nayo, ukianza nayo wataacha kuusoma wimbo wenyewe.

Angalizo kwa wanaofundishia tafsiri ya Kiswahili: mwambie mwanafunzi azungushie duara neno "mimi" na atakurudishia karatasi tupu. Nafsi zetu zimejificha kwenye kitenzi, iko ni- na tu- na ile -ni- ya katikati ya mtendwa. Waambie wavunje kitenzi vipande. Pia tafsiri za kuimbwa huwa zinabana maneno yaingie kwenye mizani ya tuni, nafsi inaweza kubadilika njiani, kwa hiyo mimi natumia ile ya kuimbwa pamoja na tafsiri ya kawaida niliyoiandika mwenyewe, zikae pembeni kwa pembeni.

Sasa utamu. Ubeti wa mwisho ambao watu wengi wanauimba, ule wa miaka elfu kumi, sio wa Newton. Uliunganishwa na wimbo huu na watu baadaye, unaukuta kwenye riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya 1852. Ubeti aliofungia Newton mwenyewe unasema dunia itayeyuka kama theluji, jua litaacha kuwaka, lakini Mungu aliyeniita atakuwa wangu milele. Wape wanafunzi hizo beti mbili bila kuwaambia ipi ni ya nani, waulize tu ipi imeandikwa na mtu mwingine na wajuaje. Darasa langu la mwisho walibishana karibu dakika ishirini. Msichana mmoja wa nyuma ndo alimaliza ubishi, akasema mwalimu huku kote ni mimi mimi mimi, halafu hapa ghafla imekuwa sisi. Ndo hivyo hasa. Wa Newton ni mtu mmoja na Mungu wake mpaka dunia inaisha, ule wa baadaye ni umati umesimama mbinguni unaimba sifa. Ni imani mbili zenye mkazo tofauti ndani ya wimbo mmoja, na waimbaji hawajagundua kwamba wamevuka mpaka.

Kuhusu maisha ya mtunzi, chelewesha. Ukishasema tu kwamba Newton alikuwa nahodha wa meli za watumwa, kila jibu linageuka kuwa "anajutia biashara ya utumwa". Tarehe zinakataa urahisi huo. Dhoruba ya baharini iliyomgeuza amwamini Mungu ilikuwa 1748, akaendelea na safari za watumwa mpaka 1754, wimbo ni wa 1772, na kitabu chake cha kuilaani biashara ile kimetoka 1788, miaka kumi na sita baada ya wimbo. Na kwenye beti zenyewe hakuna mtumwa wala meli. Kwa hiyo mwanafunzi anaruhusiwa kuuliza hilo swali, ila haruhusiwi kudai kwamba wimbo unalijibu.

Kipindi cha pili nawapa wimbo wa dini nyingine wautendee hivyohivyo, na ninaopenda ni Tala'al Badru, ambao kwa mapokeo ya Waislamu ndo watu wa Madina walimpokea nao Mtume Muhammad (SAW). Faida yake unaiona mara moja: hakuna mimi hata mmoja, ni sisi tupu. Mwezi mpevu umetuchomozea, imetupasa kushukuru. Halafu angalia unavyogeuka, mwanzoni wanamzungumzia kwa mfano wa mwezi, baadaye wanamgeukia yeye mwenyewe, ewe uliyetumwa kwetu.

Hapa kila mwaka lazima atokee mmoja aandike kwamba Waislamu wanamwabudu Mtume kwa sababu wanamwimbia. Usimkemee, mrudishe kwenye kitenzi. Uliyetumwa: nani kamtuma? Hajasemwa, kama vile nimepatikana kule kwa Newton. Na ule mstari wa shukrani unasema imetupasa maadamu yupo anayemwita Allah, sasa huo mwito unaelekea wapi? Mwanafunzi anajirekebisha mwenyewe na wenzake Waislamu hawajalazimika kujitetea mbele ya darasa, ambalo kwangu ni jambo kubwa, nimeshaona kipindi kikiharibika kwa swali la "nyinyi mbona mnafanya hivi". Kwenye darasa langu neno ni "anayeimba", sio "nyinyi" wala "wao". Na simlazimishi mtu kuimba wimbo wa dini isiyo yake, kuusoma kunatosha.

Muziki unaingia dakika kumi za mwisho, wausikilize wakiwa na karatasi zao zilizochorwa, wajibu swali moja tu: tuni inavuta neno gani? Wengine wanapata kitu kizuri, wengine hawapati, sihangaiki sana.

Kwenye kusahihisha nina sheria moja, jibu lisilo na neno kutoka kwenye wimbo halipati zaidi ya nusu ya alama. "Anamwamini Mungu mwokozi", nusu. "Amesema nimepatikana na sio nimejipata, kwa hiyo wokovu kwake unatoka nje yake", kamili. Na akiandika "Wakristo wote wanaamini" kwa ushahidi wa beti nne namkata, wimbo mmoja ni sauti ya anayeuimba. Mwaka jana kijana mmoja alipinga alama yake kwa hilo, akasema mbona kanisani kwao wanauimba wote, nikamwambia aandike hivyohivyo basi, kwamba kanisani kwao wanauimba wote na ubeti wanaofungia ni ule wa sisi. Akaandika, nikampa alama yake.