Mzee anastaafu, hajafa

*Shangazi shikamoo. Niko Iringa mjini, miaka 28, mhasibu. Dereva wetu mkubwa kuliko wote anafikisha 60 anastaafu, Ijumaa nimepewa nisome hotuba ya kumuaga. Nimeandika "Mheshimiwa Mzee wetu, umetuachia pengo lisilozibika, daima tutakukumbuka." Mume wangu kacheka, eti kama msibani. Nahisi ni wivu, maana mi na mzee tumezoeana sana, namwita Babu, anacheka tu halafu anatoka nje. Nisomeje?*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuchekwa, ila mumeo yuko sahihi na wivu umemsingizia. Pengo lisilozibika tunalisikia makaburini, sasa umsomee mtu aliyekaa hapo na soda yake mkononi?

Halafu hilo la "anacheka tu halafu anatoka nje" umelipitisha harakaharaka. Mtu anayefurahia kuitwa Babu angekuitikia "naam mjukuu wangu". Huyo anakustahi, anameza anaondoka, na umri huo bado anaendesha gari la ofisi we unamfanya kikongwe mbele ya wenzie. Mmezoeana au umejizoesha?

Mheshimiwa nayo toa, mwachie mbunge. Ofisini hapo najua wapo wanaomwita Baba fulani, kwa jina la mwanae wa kwanza, uliza ni nani. Tuseme Baba Upendo. Hilo lina heshima na lina nyumbani ndani yake, halimzeeshi wala halimweki mbali. Jina kamili na Ndugu yatamkwe mara moja tu, pale unaposoma alianza kazi lini.

Ijumaa ukishamtaja mgeni rasmi, geuka umtazame mzee, inama kidogo, sema "Baba Upendo, shikamoo", kisha NYAMAZA mpaka aitikie marahaba, wengi mnaunganisha na sentensi inayofuata mzee wa watu anabaki mdomo wazi. Akishaitikia ongea kawaida, ila "wewe" isitoke mdomoni, weka Baba mahali pake: "Baba ulitushusha Kitonga na ukungu ule huku unatutuliza, mimi nilikuwa nyuma nimefumba macho." Kama mlipita naye kweli lakini, usitunge. Kisa kimoja kinatosha, watu watacheka na yeye atacheka, safari hii bila kutoka nje. Kama ni Mhehe na kamwene unaijua na kuijibu, mwamkie hiyo baadaye mezani, kwenye maiki itaonekana maigizo.

Malizia kwa kumuomba, wazee wanapenda kuombwa: "Baba tunaomba utuombee, na tukija nyumbani utupokee." Zawadi mpe kwa mikono miwili.

Ila nyie wa ndoa za siku hizi, mume akikosoa mstari mmoja tayari ana wivu, akikaa kimya hajali, sasa aseme lini? Kabla ya Ijumaa kamtafute mzee pembeni umuombe radhi kwa hiyo Babu. Na hotuba ukishaiandika upya, wa kwanza kuisikia awe mumeo.