Mtaji Unapungua, Namshuku Mdogo Wangu

*Shangazi, shikamoo. Nina fremu ya khanga na vitenge hapa Morogoro, mzigo nachukua Kariakoo. Nilianza na mtaji wa shilingi 2,000,000. Kila kitu naongeza asilimia 30 juu ya bei niliyonunulia, nauli ikiwemo. Kila jioni natoa asilimia 30 ya mauzo, ndiyo faida yangu: humo nalipa kodi ya fremu, mshahara wa mdogo wangu anayenisaidia kuuza, na chakula cha nyumbani. Mtaji siugusi. Imepita miezi 6, daftari lina mauzo ya 9,100,000. Juzi nimehesabu mzigo kwa bei ya kununulia, nikajumlisha na fedha iliyopo, nimepata 1,345,000 tu. Anayeshika droo ni mdogo wangu. Nimemnyang'anya funguo, hatuongei, mama analia. Nimrudishe kijijini?*

*Niliyeibiwa, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Usimrudishe. Karibu fedha yote unayoitafuta umeitoa wewe mwenyewe, na daftari lako hilohilo ndilo shahidi.

Chukua doti moja uliyoinunua 10,000. Umeongeza asilimia 30, umeuza 13,000. Faida hapo ni 3,000, hakuna ubishi. Jioni unaangalia mauzo, unatoa asilimia 30 yake. Lakini asilimia 30 ya 13,000 ni 3,900. Zile 900 za juu haziwezi kuwa faida, kwa sababu faida iliishia kwenye 3,000. Zimetoka kwenye 10,000 ya kununulia doti nyingine. Unabaki na 9,100, na Kariakoo doti bado inauzwa 10,000.

Sasa tufanye hivyo kwa miezi yako yote. Ukitaka kujua mauzo yaliyoongezwa asilimia 30 yalikuwa na mzigo wa shilingi ngapi ndani yake, gawanya kwa 1.3. Mauzo ya 9,100,000 ukigawanya kwa 1.3 unapata 7,000,000. Huo ndio mzigo uliotoka dukani, na faida yake ni 2,100,000. Wewe umetoa asilimia 30 ya mauzo, yaani 2,730,000. Umezidisha 630,000. Mtaji wa 2,000,000 ukiondoa hizo unabaki 1,370,000, nawe umekuta 1,345,000.

Kwa hiyo mdogo wako anashtakiwa kwa 25,000, wala hiyo nayo sidhani kama ameichukua. Khanga gani inauzwa Tanzania bila mteja kuomba apunguziwe? Kugawanya kwa 1.3 kunachukulia kwamba kila kitu kiliuzwa kwa bei kamili. Wateja 65 wakipunguziwa 500 kila mmoja kwa miezi 6, ni 32,500 ambazo hazikuingia kwenye daftari; zigawanye nazo kwa 1.3 upate mzigo uliokuwa ndani yake, na pengo la 25,000 linapatikana hapo hapo. Mpelekee hesabu hii akiwa na mama, umwombe radhi mbele yake, kwa kuwa tuhuma nayo mama aliisikia.

Najua utauliza: mbona asilimia ni 30 na ni 30? Ni 30 ya vitu viwili tofauti. Ulipopanga bei, ulipima faida kwa 10,000 uliyotoa mfukoni. Ulipofunga hesabu jioni, uliipima kwa 13,000 aliyokupa mteja. Shilingi 3,000 ni zilezile, ila ukizigawanya kwa 10,000 ni asilimia 30, na ukizigawanya kwa 13,000 ni asilimia 23 na kidogo. Ndani ya bei ya kuuzia tayari kuna faida, kwa hiyo kila siku bei hiyo ni kubwa kuliko ya kununulia, na asilimia inayopimwa kwayo itakuwa ndogo. Ilimradi kuna faida, hizi mbili hazikutani.

Ukiongeza kidogo tofauti haionekani: aliyeongeza asilimia 5 ana faida ya karibu asilimia 4.8 ya mauzo, na hata akikosea hatalia. Pengo linakua kadiri unavyoongeza. Aliyeongeza asilimia 50 ana theluthi moja tu ya mauzo, na aliyeongeza 100, anayejisifu kwamba faida yake ni "mia kwa mia", ana nusu.

Kuanzia leo, jioni usianze na faida. Anza na mzigo. Mauzo yakiwa 91,000, gawanya kwa 1.3, unapata 70,000: hizo zinarudi kwenye mtaji kabla hujanunua hata kitunguu. Zinazobaki, 21,000, ndizo za kodi, mshahara na chakula. Ulizoea kutoa 27,300, kwa hiyo utaona zimepungua, na kwa miezi 6 uliyonitajia upungufu huo ni 105,000 kila mwezi. Hapo lazima uchague: kupunguza matumizi ya nyumbani au kupandisha bei.

Ukitaka kweli asilimia 30 ya mauzo iwe faida, usizidishe kwa 1.3. Asilimia 70 ya bei lazima iwe gharama, basi gawanya gharama kwa 0.7. Doti ya 10,000 inakuja 14,286; andika 14,300. Angalia sasa umeongeza karibu asilimia 43 juu ya bei ya kununulia, lakini kwa mteja bei imepanda 1,300 tu, asilimia 10 ya ile aliyozoea. Nisingepandisha dukani kote. Khanga ambayo jirani anayo ya mchoro uleule kwa 13,000, iache ilipo, la sivyo utakaa nayo. Pandisha kitenge ambacho mteja hakioni fremu ya pili, na nguo zilizoshonwa tayari, kwa sababu hapo hana cha kulinganisha.

Na punguzo mlitazame upya. Punguzo linakatwa kwenye bei ya kuuzia, kwa hiyo anayeamini ana asilimia 30 anaweza kumpunguzia mteja wa jumla asilimia 25 akidhani amebakiza 5. Hajabakiza. Robo ya 13,000 ni 3,250. Doti imetoka kwa 9,750, na amempa mteja 250 zake juu. Hata asilimia 10, inayosikika ndogo, ni 1,300 kutoka kwenye faida ya 3,000, karibu nusu yake. Kubalianeni kiwango, tuseme 500 kwa doti, na kikizidi mdogo wako akuulize kwanza.

Ile njia ya kugawanya kwa 1.3 itakufaa tu wakati kila kitu dukani kimeongezwa asilimia 30. Ukianza kuweka bei tofauti tofauti, chora safu mbili kwenye daftari: bei iliyouzwa kweli, baada ya punguzo, na pembeni yake bei ya kununulia, ambayo unaweza kuiandika kwa alama yako ya siri kwenye lebo ili mteja asiisome. Jioni mdogo wako anajumlisha safu ya pili, fedha hiyo inaingia kwenye bahasha ya Kariakoo, na tofauti ya safu hizo mbili ndiyo faida ya siku hiyo, bila asilimia yoyote.