Bima wamekataa dai: mahakamani au kwa msuluhishi?

"Kampuni ya bima imekataa kunilipa, barua ni ya 10 Machi 2024. Nimekata rufaa kwao, wananiambia nisubiri. Mkataba unataja usuluhishi. Nina muda gani?"

Ndugu, soma kwanza maneno ya kifungu chenyewe. Vingi huhusu kiasi tu, yaani kampuni imekubali kuwajibika ila mnabishana kiwango. Kama chako ni hicho na wao wamekana kabisa kuwajibika, njia yako kwa kawaida ni mahakama. Kama kinasema "mgogoro wowote", anza na usuluhishi. Ukikimbilia mahakamani, wataomba kesi isimamishwe huku siku zako zikiyoyoma.

Kisha tafuta sharti la muda, ambalo mara nyingi hukaa mbali na kifungu hicho. Likisema miezi 12 tangu kukataliwa, lenga kufungua kesi au kupeleka notisi ya usuluhishi kabla ya 10 Machi 2025. Rufaa yao ya ndani kwa kawaida haisimamishi saa, na "subiri" ya simu haikulindi. Omba nyongeza ya muda kwa maandishi yenye tarehe. Wakikaa kimya, fungua kesi au peleka notisi ya usuluhishi.

Baadhi ya nchi hubatilisha muda mfupi wa mkataba, lakini hiyo ni hoja ya aliyekwisha kuchelewa.