Pawabenki ikianza kuzunguka mezani kama pia, ujue tayari

Nilikuwa na pawabenki nimeinunua Kariakoo, bei chee, juu imeandikwa 20,000 mAh lakini ukiibeba nyepesi hadi unajiuliza humo ndani kuna nini. Kila usiku naichaji kitandani, mara nyingine iko chini ya mto kabisa maana waya ni mfupi. Siku moja nimeiweka mezani nikaigusa kidogo ikazunguka kama pia. Kuitazama ubavuni, tumbo limetoka. Nikasema aah ni joto la Dar tu hili, nikaendelea nayo wiki mbili nzima, na huo ndo ujinga wangu ninaotaka kuwasimulia.

Nilipompelekea fundi wa simu aliipokea kwa mikono miwili akailaza chini taratibu kama yai. Akanambia hivi: ndani ya betri ya lithiamu kuna karatasi mbili za chuma, chanya na hasi, zimekunjwa pamoja na katikati yake kuna plastiki nyembamba sana inayozitenganisha, halafu vyote vimeloweshwa kwenye kimiminika kinachoshika moto. Betri ikichakaa, ikipata joto sana au ikichajiwa kupita kiasi, kile kimiminika kinaanza kuoza na kutoa gesi, ndo uvimbe wenyewe. Na ile plastiki ikitoboka, chanya na hasi zinagusana, joto linapanda, joto linaharibu sehemu ya pembeni nayo inatoa joto zaidi, na hapo hata ukichomoa chaja haisaidii maana moto unajilisha wenyewe.

Kuna mafundi wanatoboa betri iliyovimba kwa sindano eti gesi itoke ikae sawa. Ukimwona fundi wako anafanya hivyo chukua simu yako uondoke. Usiibonyeze irudi pia, usiitupe kwenye taka zinazochomwa. Ya kwangu niliacha kuichaji hapohapo, nikaiweka kwenye chungu cha udongo chenye mchanga mkavu, nje, mbali na ukuta na mbali na jiko, mpaka nilipopata wanaokusanya taka za umeme wakaichukua.

Kwenye simu uvimbe unajificha, utaona kava haifungi vizuri au kioo kimeinuka upande mmoja na mwanga unachungulia. Simu kuwa ya uvuguvugu ikichaji ni kawaida kabisa, ila ikifika mahali huwezi kuishika mkononi, chomoa. Na harufu jamani! Ukisikia kitu kama rimuva ya rangi ya kucha karibu na betri usianze kumuuliza mke kama anapaka kucha (mimi niliuliza). Asilimia kushuka haraka peke yake ni uzee tu, ila uzee pamoja na uvimbe au harufu ni habari nyingine.

Sasa kuna jirani yangu ana baiskeli ya umeme, chaja yake ikafa, akaazima ya rafiki yake kwa sababu pini inaingia. Nikamwambia kaka hebu tusome kwanza maandishi. Betri yake ni ya volti 48, ndani ina seli 13 zimepangwa mstari, kila seli mwisho wake ni volti 4.2, kwa hiyo ikijaa ni 54.6. Ile chaja ya kuazima ilikuwa ya baiskeli ya volti 60, inatoa 67.2. Gawanya kwa 13 unapata zaidi ya volti 5 kwa kila seli. Ndani kuna kisakiti kinachotakiwa kukata umeme ikijaa, lakini betri yenyewe ilishafunguliwa na kuungwaungwa na seli za mtumba, nani ajuaye kama kile kisakiti bado kinafanya kazi? Pini kuingia haina maana yoyote, angalia namba ya OUTPUT kwenye chaja.

Kingine, alikuwa anaichajia kwenye korido ya mlangoni. New York mwaka 2023 moto wa betri hizi uliua watu 18, na baiskeli ikiwaka mlangoni ndo umefungiwa ndani, huna pa kutokea. Tukaihamishia barazani kwenye sakafu ya saruji, anachaji akiwa macho, ikijaa anachomoa.

Ikianza kutoa mlio wa shiiii na moshi mweupe, kama ni simu au pawabenki na imeshachomoka kwenye umeme, mwagia maji mengi, maana kazi ni kuipooza, blanketi haliizimi. Ikiwa ni betri ya baiskeli usishindane nayo, ule moshi ni sumu na wenyewe unalipuka. Toa watu, funga mlango nyuma yako, piga 114 zimamoto. Na hata ikizimika iache nje, inaweza kuwaka tena baada ya masaa.

Jirani alinunua chaja mpya wiki iliyofuata, akaichora 54.6 kwa maka pen nyekundu ubavuni ili watoto wasiichanganye na ya laptop.