Maneno yanayoleta wageni lakini hayauzi: nilivyoyasoma kwenye ripoti

*"Nimepakua ripoti ya siku 30 ya maneno ambayo watu wameandika wakafika kwenye bidhaa yangu. Mengi yana mibofyo lakini mauzo ni sifuri. Niyazuie yote kwenye matangazo ya kulipia, au nibadilishe ukurasa wa bidhaa?"*

Mkuu, usiyazuie kwa mkupuo. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikafungia nje na wateja ambao wangenunua.

Kwanza jua kwako hununua mgeni mmoja kati ya wangapi. Mimi nauza begi la mgongoni la laptop, na kwa wastani kwenye kila wageni 20 hununua mmoja. Neno lililobofywa mara 20 bila mauzo linaonekana bovu, kumbe hata neno zuri lenye wastani huohuo lina uwezekano wa asilimia 36 hivi wa kutoka kapa kwenye mibofyo 20. Ikifika mibofyo 60, uwezekano huo unashuka hadi kama asilimia 5. Ndiyo maana silihukumu neno kabla halijafikisha mara tatu ya idadi yangu ya kawaida. Siku za mwisho za ripoti naziacha kabisa, kwa sababu aliyebofya juzi anaweza kununua wiki ijayo.

Shida ni kwamba karibu hakuna neno linalofika 60 peke yake. Watu huulizia kitu kimoja kwa namna nyingi: mmoja ameandika "begi laptop 17", mwingine "begi la laptop inchi 17", wa tatu "begi kubwa la mgongoni 17.3". Kila mstari una mibofyo minne au sita, ukiusoma peke yake unaupita tu. Kwa hiyo najumlisha mistari yote yenye neno lilelile ndani yake. Kwangu maneno yako safu A, mibofyo safu C, na mauzo safu E:

```
=SUMIF(A:A,"*17*",C:C)
=SUMIF(A:A,"*17*",E:E)
```

Hapo ndipo mambo yalipojitokeza. Mistari yenye 17 ilikuwa na mibofyo 84 na mauzo 2. Nikaenda kuangalia oda hizo mbili: zote zilirudishwa, laptop haikuingia. Ripoti yangu haikuondoa marejesho, kwa hiyo ukweli ulikuwa sifuri. Begi langu mwisho wake ni inchi 15.6, ila kwenye kichwa cha ukurasa wa bidhaa nilikuwa nimeandika "begi kubwa la laptop". Neno "kubwa" ndilo lililowaita. Wakifika kwenye vipimo chini kabisa wanaondoka.

Kundi la pili lilikuwa la maji: "lisiloingia maji", "begi la mvua" na mengine ya aina hiyo. Mibofyo 71, mauzo sifuri. (Yasome kwa macho kabla ya kujumlisha, maana fomula ilinichotea na "begi lenye mfuko wa chupa ya maji", na hao ni watu wengine kabisa. Hao 71 ni baada ya kuwatoa.) Kwenye karatasi makundi haya mawili yanafanana, lakini dawa zake ni tofauti. Begi langu lina kifuniko cha mvua kilichokunjwa kwenye kamfuko chini. Nilikitaja kwenye sentensi ya mwisho ya maelezo, na hakikuwa kwenye picha hata moja. Mgeni aliuliza kitu ambacho ninacho, ukurasa ukanyamaza.

Swali ninalojiuliza kwa kila kundi ni hili: mtu huyu akipokea bidhaa yangu, ataridhika? Wa inchi 17 hataridhika, basi nikaweka "17" na "17.3" kama maneno ya kuzuia. Ila kuzuia kunagusa matangazo ya kulipia tu; wanaokuja kwa utafutaji wa kawaida wanaendelea kuja. Kwa hiyo nikaondoa pia "kubwa" kwenye kichwa, nikaandika "hadi inchi 15.6". Wa mvua nikawawekea picha ya pili ya begi likiwa limefunikwa, na "lina kifuniko cha mvua" kwenye kichwa. Sikuandika "haliingii maji", kwa sababu zipu bila kifuniko zinapitisha, na hapo ningekuwa nimejitafutia marejesho mapya.

Mabadiliko hayo sikuyafanya siku moja. Nilianza na ya inchi, nikaandika tarehe, nikasubiri wiki tatu, kisha ya mvua. Kundi la mvua lilipofikisha mibofyo 66 mingine lilikuwa na mauzo 4, karibu na wastani wangu. La inchi 17 halijaisha: bado kuna wanaoandika "begi la laptop ya gemu" bila kutaja kipimo. Hao siwazuii, kwa sababu kuna laptop nyingi za gemu za inchi 15.6 na baadhi yao hununua. Ila ni nene, kwa hiyo nimeongeza unene unaoingia, palepale kwenye mstari wa kwanza wa maelezo.